Siku moja ya kupima macho skulini: mpango kwa wanaojitolea na hukumu za kumpa mtoto rufaa



Ndugu wazazi na walezi, vijana wa mtaa mmoja walinijia baada ya sala ya Alasiri na karatasi ya mpango wao. Walitaka kupima macho ya wanafunzi wa skuli jirani kwa siku moja. Walikwisha kupata ruhusa ya mwalimu mkuu, chati walikuwa nayo, na fulana walikwisha kuagiza. Niliwauliza jambo moja tu: mtoto atakayeonekana haoni vizuri, mtampeleka wapi, siku gani, na nani atalipa nauli yake? Wakatazamana.

Niliuliza hivyo kwa sababu nina deni langu mwenyewe katika jambo hili. Miaka mingi nyuma nilikuwa na mwanafunzi chuoni aliyekuwa akihifadhi kwa masikio upesi kuliko wenzake, lakini akiambiwa asome ubaoni hupotea. Nilimhesabu mvivu, nikamrudisha nyuma akae karibu na mlango. Ni bibi yake aliyekuja kunambia kwamba mtoto akiangalia televisheni hukaribia mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Haukuwa uvivu. Mtoto alikuwa haoni mbali, na mimi nilikuwa nimemsogeza mbali zaidi.

Basi tulikaa na vijana wale, pamoja na muuguzi wa macho anayeishi mtaani, tukaupanga upya mpango wao. Hapa nauweka kama ulivyotoka, ili wazazi mjue mtoto wenu atafanyiwa nini na wanaojitolea wajue mipaka yao.

Kupima huku ni kuchuja, si kutibu

Anayejitolea kazi yake ni kuwatenga watoto wanaohitaji kuonwa na mtaalamu na wale wasioonekana kuhitaji. Hasemi mtoto ana ugonjwa gani, hatoi dawa, wala hampi miwani iliyoletwa kwenye boksi na msamaria mwema. Miwani ya mtu mwingine imekatwa kwa macho ya mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo, kazi ya mwanzo hufanywa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Skuli na mamlaka ya elimu na afya watoe idhini. Kisha kitengo cha macho cha hospitali kiulizwe: mnaweza kupokea watoto wangapi kwa siku, na siku zipi? Wakisema wanaweza kupokea 10 kila Jumatano, mpango ufuate idadi hiyo. Afadhali kupima madarasa mawili na kila aliyeshindwa akafika kwa daktari, kuliko kupima skuli nzima na karatasi zikabaki mikobani. Mzazi naye apelekewe barua ya idhini yenye lugha nyepesi, aitie saini, na aandike humo kama mtoto anavaa miwani, amewahi kuumia jicho, au ana lolote linalomtia wasiwasi.

Chati: namna ya kuitengeneza na namna inavyoharibika

Chati inayofaa kwa watoto ni ile ya herufi E iliyogeuzwa pande nne: juu, chini, kulia na kushoto. Mtoto hahitaji kujua kusoma. Anainua vidole vitatu na kuvielekeza upande ule vilipoelekea vidole vitatu vya E.

Tunatumia mstari unaoitwa 6/12. Maana yake ni kwamba jicho zima lingeweza kuuona mstari huo kutoka mita 12, na sisi tunautazama kutoka mita 6. Zipo programu zinazotumia kipimo kikali zaidi cha 6/9. Kitengo cha macho mnachoshirikiana nacho ndicho kitakachoamua. Sisi tulichagua 6/12 ili tusiwajaze madaktari watoto wengi kuliko wanavyoweza kuwaona.

Kwa mita 6, E ya mstari wa 6/12 iwe na urefu wa milimita 17.5 na upana huohuo. Kila kidole cha E na kila nafasi baina ya vidole iwe milimita 3.5. Pangeni E tano kwenye mstari mmoja, baina ya E na E paachwe nafasi ya upana wa E moja, kisha mstari wote uzungushiwe kisanduku cheusi karibu nao. Kisanduku hicho si pambo. Jicho lililozembea huweza kuitambua E iliyokaa peke yake, lakini likachanganyikiwa E ikiwa na vitu pembeni yake. Ukitumia E mojamoja kwenye karatasi nyeupe, mtoto wa namna hiyo atakupita.

Tengenezeni pia E moja kubwa ya milimita 87. Hiyo ni ya 6/60, nayo hutumika kwa watoto walioshindwa mstari mdogo tu.

Chati nyingi huharibika kwenye mashine ya kuchapia. Mashine hupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi, na E ya milimita 17.5 ikatoka 16. Kwa hiyo kila nakala ipimwe kwa rula kabla ya kutumika. Isiyofika itupwe. Karatasi isiwe ya kung'aa wala isitiwe plastiki, kwa sababu mwanga wa dirishani hurudi juu yake na mtoto akaona weupe mtupu.

Andaeni chati nne zenye mpangilio tofauti. Watoto wana kumbukumbu nzuri, na anayesubiri mlangoni huweza kuhifadhi mstari wote kwa kumsikia mwenzake. Chati ikigeuzwa juu chini, mpangilio wake nao hubadilika, kwa hiyo chati nne zinakuwa nane.

Vituo vitano

Tuchukue mfano wa watoto 180 wa zamu ya asubuhi. Kila mtoto atatumia takriban dakika 3 mbele ya chati, macho yote mawili. Mkiwa na chati tatu zinazofanya kazi pamoja, kila chati itapokea watoto 60, nao watamaliza kwa saa tatu. Mkianza saa 2:00 asubuhi mtamaliza saa 5:00, na saa moja inayobaki kabla ya Adhuhuri ni ya kurudia vipimo na kukagua karatasi. Watu 13 wanatosha, akiwemo msimamizi mmoja asiyekaa kwenye kituo chochote.

*Kituo cha kwanza: kuandikisha.* Watu wawili. Wanaangalia barua ya idhini, kisha wanaandika jina la mtoto, jina la baba, umri, darasa, na nambari ya simu ya mzazi. Nambari ya simu isomwe mara mbili, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa mtoto huyo amepotea. Hapa pia mwalimu wa darasa anaulizwa: huyu humkaribia ubao, hukunja uso, huandika nje ya mstari? Neno la mwalimu liandikwe. Mtoto mwenye miwani apimwe akiwa ameivaa. Ikiwa ameisahau nyumbani, hilo nalo liandikwe.

Watoto wafundishwe mchezo wa vidole vitatu kwa pamoja, kumi kumi, kabla ya kufika kwenye chati. Dakika tano za kufundisha kundi huokoa muda mwingi mbele. Mtoto asiyeelewa mchezo huonekana kama asiyeona.

*Kituo cha pili: kuona mbali.* Watu sita, wawili kwa kila chati. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na nitarudi kwake hapa chini.

*Kituo cha tatu: kutazama jicho kwa nje.* Mtu mmoja, awe muuguzi au aliyefunzwa na muuguzi, mwenye tochi ndogo. Hagusi jicho wala hageuzi kope. Anatazama tu: macho yote mawili yanaelekea pamoja au moja limekwenda kengeza? Kope moja imeanguka? Jicho ni jekundu, linatoa machozi au tongo? Kioo cha jicho ni safi au kina kovu jeupe? Na ile nukta nyeusi ya katikati, ni nyeusi kweli pande zote mbili?

*Kituo cha nne: kupima tena.* Watu wawili ambao hawakukaa kituo cha pili. Kila aliyeshindwa huja hapa baada ya kupumzika kidogo, akapimwa kwa chati nyengine na mtu mwengine. Mtoto wa kwanza katika mstari huwa na woga, na wa mwisho huwa amechoka na ana njaa. Wengi walioshindwa mara ya kwanza kwa woga watapita hapa. Kituo hiki kikiondolewa, hospitali itajaa watoto wazima, na mara ya pili wazazi hawatakuja hata wakiitwa kwa haki.

*Kituo cha tano: kutoka.* Mtu mmoja mtulivu na mwenye mwandiko unaosomeka. Anaangalia kama karatasi imejazwa yote, anampa mtoto karatasi yake, na anaandika kwenye daftari kila anayepewa rufaa. Karatasi ikunjwe, na matokeo yasitangazwe mbele ya wenzake. Mtoto akiitwa "kipofu" uwanjani siku hiyo, miwani hataivaa hata akinunuliwa. Hali ya mwili wa mtoto ni amana, na wanaojitolea waambiwe hivyo asubuhi kabla ya kuanza.

Mita 6, jicho moja moja

Kituo cha pili huharibika kwa mambo mawili: masafa na kiganja.

Masafa yapimwe kwa tepu kutoka ukuta wenye chati mpaka kwenye mstari wa chaki sakafuni, na visigino vya mtoto viguse mstari huo. Msikadirie kwa hatua. Mtoto aliyesogea mita moja mbele anaitazama chati kutoka mita 5, na jicho ambalo lingeshindwa kwa kidogo linapita. Watoto husogea wenyewe bila ya kujua, kwa hiyo mmoja katika wale watu wawili macho yake yawe kwenye miguu na uso wa mtoto, si kwenye chati. Mkiwa na chumba kifupi, fanyieni barazani kwenye kivuli. Chati iwe kwenye mwanga mzuri, usawa wa macho ya mtoto, na mtoto asilikabili jua wala mlango uliofunguka nyuma ya chati.

Jicho la kulia huanza kila mara, ili kusiwe na kuchanganya katika kuandika. Jicho la kushoto lifunikwe kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Vidole visitumike, kwa sababu baina ya vidole pana mwanya, na mtoto anayetaka kufaulu atautumia. Kiganja pia kisibonyeze jicho, kwani likibonyezwa huona ukungu likija zamu yake. Mtoto akigeuza kichwa, akiinamisha shingo au akifinya macho, msimamisheni kwa upole na mwanze mstari upya. Kisha andikeni kwamba alifanya hivyo.

Anayeonyesha asimame kando ya chati na aguse chini ya kila E kwa kalamu, bila ya kuifunika. Asimwambie mtoto "sahihi" wala "umekosea". Anayeandika atie alama ya kila jibu.

Hukumu ni hii: E nne au zaidi kati ya tano, jicho limepita. Tatu au pungufu, limeshindwa. Kijana mmoja aliuliza, kwa nini nne, mbona tatu ni zaidi ya nusu? Jawabu lake ni hesabu ndogo. Pande ni nne tu, kwa hiyo anayebahatisha ana nafasi moja katika nne kwa kila E. Kupata nne au tano kwa kubahatisha hutokea mara 1 katika 64. Kupata tatu au zaidi kwa bahati hutokea mara nyingi zaidi, takriban 1 katika 10. Kwa hiyo tatu haitoshi kumwamini.

Kila jicho lina hukumu yake. Mtoto aliyepita la kulia na kushindwa la kushoto ameshindwa. Hapo ndipo vijana wengi hukosea kwa huruma, wakasema "si anaona kwa lile jengine".

Karatasi tatu

Kila mtoto hutoka na karatasi ya rangi moja kati ya tatu.

Nyekundu ni leo hii. Mzazi apigiwe simu mtoto akiwa bado skulini. Wanaoipata ni mtoto aliyeumia jicho siku hizi au aliyeingiwa na chokaa, sabuni au dawa kali. Mwenye jicho jekundu linalouma na kukimbia mwanga. Aliyepotewa na uoni ghafla. Na yule ambaye nukta nyeusi ya jicho lake inaonyesha weupe au kung'aa kama jicho la paka. Huo weupe huenda ukawa mtoto wa jicho, na mara chache huwa ni saratani ya ndani ya jicho, ambayo kuchelewa kwake ni hatari ya uhai. Baadhi ya akina mama huuona kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa taa: jicho moja limetoka jekundu au jeusi na jengine jeupe. Mama akilitaja hilo, msimpuuze hata kama nyinyi hamkuona kitu kwa tochi.

Jicho lililoingiwa na chokaa au dawa lioshwe kwa maji safi mengi hapohapo kwa muda wa nusu saa, ndipo safari ianze. Hilo pekee ndilo tiba mnayoruhusiwa.

Manjano ni ndani ya wiki mbili. Hii ni ya aliyeshindwa mara mbili, kituo cha pili na cha nne, kwa jicho lolote. Asiyeiona hata ile E kubwa ya 6/60 huandikiwa alama ya pembeni ili apelekwe katika siku chache, asisubiri wiki mbili. Wapo pia wanaopewa manjano ingawa wamepita chati: mwenye kengeza, mwenye kope iliyoanguka, mwenye kovu, mwenye macho yanayowasha na kuwa mekundu kila mara, anayelalamika kichwa kuuma akisoma, na yule ambaye mzazi au mwalimu ameeleza jambo la kutia shaka. Mtoto ambaye mzazi anasema magharibi ikiingia hujikwaa na hupapasa ukuta, huyo apelekwe kituo cha afya mara moja, kwani huenda amepungukiwa na vitamini A.

Kijani ni aliyepita. Iandikwe wazi kwenye karatasi kwamba amepita kipimo cha leo tu. Chati ya mita 6 haiwakamati watoto wote. Mtoto ambaye taabu yake ni kuona karibu huweza kujikaza macho akapita vizuri, kisha nyumbani akaumwa kichwa kila akishika msahafu au daftari. Na macho ya mtoto wa miaka 8 aliyepita leo huweza kubadilika akifika 12, umri ambao kutoona mbali huzidi kujitokeza. Kijani haimzuii mzazi kwenda hospitali akiwa na shaka.

Mfano: mtoto aliyekuwa "hana neno"

Tuseme yupo msichana wa darasa la pili, miaka 7, tumwite Asha. Barua ya mama yake inasema hana tatizo. Mwalimu anasema anasoma vizuri na anakaa mstari wa mbele.

Kituo cha pili, jicho la kulia anapata 5 kati ya 5. Linakuja la kushoto. Mara tu anapofunikwa jicho la kulia anageuza kichwa, anataka kuchungulia kando ya kiganja. Anaambiwa atulie. Anapata 1 kati ya 5. Anayeandika hamwambii kitu, anaandika "R 5/5, L 1/5, aligeuza kichwa". Hapa R ni kulia na L ni kushoto, kama hospitali inavyoandika.

Kituo cha tatu hakuna kinachoonekana: macho yanaelekea pamoja, nukta zote nyeusi. Kituo cha nne anapewa mtu mwengine na chati nyengine. Kulia 5, kushoto 2. Anaonyeshwa ile E kubwa kwa jicho la kushoto, anaiona. Anapewa manjano ya kawaida.

Mama anapigiwa simu, na jawabu lake ni lile ambalo mzazi yeyote angelitoa: "Mbona anaona vizuri tu?" Anasema kweli. Asha anaona vizuri kwa jicho moja, na hajawahi kujua kwamba la pili lilitakiwa lione zaidi. Mtoto hawezi kulalamikia kitu ambacho hajawahi kuwa nacho.

Hospitali huenda wakamtia matone ya kupanua mboni ili wapime nguvu ya macho bila ya yeye kujikaza. Mama aambiwe mapema kwamba baada ya matone hayo mtoto ataona ukungu wa karibu na mwanga utamuumiza kwa saa kadhaa, pengine mpaka kesho yake. Asishtuke, wala asimlazimishe kusoma jioni hiyo. Ikiwa imeonekana macho mawili yana nguvu tofauti, atapewa miwani, na baadaye huenda jicho zuri likafunikwa kwa saa chache kila siku ili lile zembe lilazimike kufanya kazi. Tiba hii huitika kwa wepesi zaidi mtoto akiwa mdogo, hasa kabla ya miaka 7 au 8. Asha yumo mwishoni mwa muda huo. Angesubiri mpaka darasa la saba, miwani ingekuwepo lakini jicho huenda lisingeamka tena.

Ndiyo maana kijana anayesema "si anaona kwa lile jengine" hajamsaidia Asha.

Baada ya siku kwisha

Jioni ya siku hiyo, msimamizi ahesabu: walioandikishwa 180, karatasi zilizotoka lazima ziwe 180. Ikikosekana moja, yupo mtoto aliyeruka kituo, naye atafutwe kesho yake.

Daftari la rufaa apewe mtu mmoja mwenye jina na simu, si kamati. Yeye atapiga simu kwa kila mzazi ndani ya siku tatu, na tena baada ya wiki mbili. Asiulize "mlikwenda?" tu, aulize kilichozuia. Mara nyingi sababu ni nyepesi kuliko tunavyodhani: nauli, baba yuko dago, au wanatoka Tumbatu au Kojani na boti ya asubuhi haiwafikishi kwa wakati. Watoto 10 wa Jumatano moja wanaweza kukodiwa daladala moja na wakasindikizwa na mwalimu na wazazi wawili. Fedha za fulana zingetosha safari hiyo.

Sababu nyengine ni khofu ya miwani. Wapo wanaoamini kwamba miwani huyazoesha macho uvivu, au kwamba msichana mwenye miwani hataposwa. Miwani iliyopimwa sawasawa haiharibu jicho la mtoto. Anapoivua huona vibaya zaidi kuliko alivyokumbuka kwa sababu sasa amejua kuona ni nini. Baada ya mwezi mmoja, msimamizi apite darasani bila ya kutangaza, atazame waliopewa miwani: wameivaa usoni au imo mkobani?

Na jambo la mwisho kwa wazazi. Mtoto wako akiwa na macho ya kuwasha, msinunue dukani matone yaliyomsaidia jirani. Baadhi ya matone hayo yana dawa ya steroidi, ambayo hutuliza muwasho siku hiyohiyo na kwa hiyo hupendwa. Yakitumika kwa miezi bila ya daktari huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na uoni uliopotea kwa presha hiyo haurudi.

Vijana wale wameahirisha siku yao kwa wiki tatu. Wamepata jawabu la hospitali, wamepunguza madarasa kutoka sita hadi matatu, na wamefuta fulana. Yule mwanafunzi wangu wa zamani sasa ni mtu mzima mwenye miwani yake, na ndiye aliyejitolea kushika daftari la rufaa.

Wabillahi tawfiq.